Kazi ya milioni 12 iliyobeba siku 19

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi upande wa mkandarasi, Mtwara mjini na katika wilaya za Newala, Masasi na Tandahimba. Jambo ambalo wakandarasi wengi wa huku kwetu wanapoteza nalo fedha ni hili: wanapopewa agizo la mabadiliko wanahesabu bei ya kazi na kusahau siku. Kazi ikiongezeka wanaandika mita za ujazo, wanazidisha kwa bei, wanasaini na kuendelea. Mwisho wa mradi wanakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa siku walizozitumia kufanya kazi ileile waliyoagizwa kuifanya.

Nitaeleza kwa jengo moja la ghorofa moja, madarasa na ofisi, tulilolijenga Mtwara mwaka 2024 kwa taasisi ya mafunzo. Bei ya mkataba ilikuwa shilingi 780,000,000 bila VAT. Muda ulikuwa siku 280 kuanzia tarehe 8 Januari, kwa hiyo tulitakiwa kukabidhi jengo tarehe 14 Oktoba. Kwa kila siku ya kuchelewa mshitiri, yaani mwenye mradi, alikuwa na haki ya kukata asilimia 0.1 ya bei ya mkataba, yaani shilingi 780,000, mpaka ifike asilimia 10. Hiyo 780,000 iwekeni kichwani, maana ndiyo kipimo nitakachorudi kwake.

Tarehe 12 Februari mafundi walikuwa wanachimba mashimo ya besi za nguzo upande wa mashariki. Besi zilikuwa 24 kwa jumla, na michoro ilitaka shimo lenye kina cha mita 1.2. Saa nne asubuhi fomeni wetu, mtu mzima wa Newala asiyependa maneno mengi, alinipigia simu. "Dada, njoo uone. Hapa chini si ardhi, ni jalala." Nilipofika nikakuta kwenye mita 1.2 udongo mweusi uliochanganyika na vipande vya matofali, maganda ya nazi na chupa. Fomeni alichukua kipande cha nondo ya milimita 12 akakisukuma kwa mkono, kikazama karibu nusu mita bila nyundo. Zamani palikuwa na shimo kubwa la taka lililofukiwa, na besi 10 kati ya 24 zilikuwa zinaangukia juu yake. Vipimo vya udongo vya mwanzo vilichukuliwa katika vituo viwili tu, vyote upande wa magharibi, kwenye mchanga mwekundu ulioshikana vizuri.

Tulisimamisha uchimbaji wa mashimo hayo 10 siku hiyohiyo. Niliomba fomeni aandike kwenye kitabu cha saiti namba za besi, kina kilichofikiwa na kilichoonekana, halafu mwakilishi wa mshitiri asaini. Tukapiga picha tukiwa tumeingiza futi kamba ndani ya shimo, namba zake zisomeke. Picha ya shimo isiyo na kipimo ndani yake haimsaidii mtu baada ya miezi sita, shimo likiwa limeshafukiwa na jengo liko juu.

Hapo ndipo mimi na bosi wangu tulipotofautiana. Yeye alisema tusubiri. "Tumalize kwanza, tujue hasara yote ni kiasi gani, ndipo tuandike barua moja nzito." Wakandarasi wengi hufikiri hivyo, na fikra hiyo ni ya hatari. Masharti yetu yalikuwa na ukomo wa siku 28, kama ule ulio kwenye kifungu cha 20.1 cha FIDIC ya 1999, masharti ya mikataba ya ujenzi yanayotumika kimataifa: mkandarasi akijua, au akitakiwa kujua, kwamba kuna tukio litakalomletea madai ya muda au fedha, atoe taarifa ndani ya siku 28. Zikipita, madai yamekufa, hata kama tukio ni la kweli na hasara iko wazi. Siku zinahesabiwa tangu tukio lijulikane. Hazisubiri kazi iishe wala hasara ijulikane. Kwetu sisi saa ilianza kutembea tarehe 12 Februari na ingesimama tarehe 11 Machi. Besi zenyewe zilikuja kumalizika tarehe 7 Machi. Tungefuata rai ya bosi tungebaki na siku nne za kuandaa barua nzito, katikati ya msimu wa mvua, nguvu zote zikiwa kwenye zege.

Taarifa haihitaji kiasi cha fedha. Barua niliyoandika tarehe 14 Februari ilikuwa fupi: "Tarehe 12 Februari 2024, katika mashimo ya besi namba 15 hadi 24, tumekuta taka zilizofukiwa katika kina cha mita 1.2, hali ambayo haikuonekana katika taarifa ya udongo tuliyopewa wakati wa zabuni. Uchimbaji wa besi hizo umesimama tukisubiri maelekezo. Tunatoa taarifa kwamba tutadai nyongeza ya muda na gharama. Maelezo kamili yatafuata." Niliitaja zabuni kwa makusudi. Swali la kwanza la msimamizi wa mradi kwenye madai ya ardhi huwa ni kama mkandarasi mzoefu angeweza kulitambua jambo hilo alipokuwa anaandaa bei. Kama taarifa ya udongo tuliyopewa ingeonyesha kifusi, tungekuwa tumejibebea wenyewe.

Barua ilipelekwa kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa simu kwenye kundi la mradi ulikuwa umeshatumwa tangu siku ya kwanza, lakini mkataba ulisema taarifa ni ya maandishi, iende kwa msimamizi, kwenye anwani iliyotajwa.

Mhandisi mshauri alifika baada ya siku chache na kifaa cha kupimia ugumu wa udongo, kile ambacho nyundo inagonga chuma kikaingia ardhini huku unahesabu mapigo. Ardhi ngumu ilianza mita 2.3 kwenda chini. Tarehe 20 Februari tukapata agizo la mabadiliko namba 1: mashimo 10 yachimbwe mpaka mita 2.3, kingo zizuiwe kwa mbao zisiporomoke, kisha yajazwe zege tupu la daraja la 15 mpaka kina cha awali, na besi zikae juu yake kama zilivyochorwa.

Sasa tuitazame bei. Kanuni ya kuthamini kazi ya nyongeza ina ngazi. Kama kazi ni ya aina ileile na inafanyika katika mazingira yaleyale, unatumia bei iliyo kwenye mchanganuo wa kazi na bei, upende usipende. Kama aina ni ileile lakini mazingira yamebadilika, unaanza na bei ileile na kuirekebisha kwa kiasi cha badiliko. Kama haifanani na kitu chochote kilichopo, mnajenga bei mpya kutoka kwenye vifaa, vibarua na mitambo. Na kazi isiyopimika kabisa hulipwa kwa saa za watu na mitambo, ambazo lazima zisainiwe kila siku.

Kila shimo lilikuwa mita 1.8 kwa 1.8. Kuongeza kina kwa mita 1.1 katika mashimo 10 kunatoa mita za ujazo 35.64. Mtu wa haraka angezidisha zote kwa bei ya kuchimba iliyokuwepo, shilingi 12,000. Lakini bei ile iliandikwa kwa uchimbaji usiozidi mita 1.5. Hivyo ndivyo uchimbaji unavyogawanywa kwenye upimaji, kwa hatua za mita 1.5, na sababu yake unaiona ukisimama shimoni. Kabla ya kina hicho kibarua anarusha udongo nje kwa koleo mara moja. Akizama zaidi anauweka kwenye jukwaa la mbao, na mwenzake anautupa nje kutoka hapo. Udongo mmoja unashikwa mara mbili. Kwa hiyo mita za ujazo 9.72 zilizofika mpaka 1.5 tulizilipa kwa 12,000, na 25.92 zilizokuwa chini yake zilihitaji bei mpya. Tuliomba 24,000. Mkadiriaji wa mshitiri alitaka kuona hesabu ya vibarua, tukaipitia pamoja, pampu ya kuvuta maji ya mvua ikiwa ndani yake, na tukakubaliana 19,000.

Kwenye zege alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu. Nilitumia bei ya zege la daraja hilohilo lililokuwa kwenye mchanganuo kama tabaka jembamba la kusawazisha chini ya besi, shilingi 310,000 kwa mita ya ujazo. Akasema tabaka la sentimita tano lina kazi ya kusawazisha eneo kubwa kwa zege kidogo, wakati huku unamwaga kwa wingi ndani ya shimo. Mazingira yamekuwa mepesi, na bei inarekebishwa kwenda chini vilevile. Tukafunga 285,000. Saruji haikuwa na ubishi, kwa sababu inatengenezwa hapahapa Mtwara na risiti zake zilikuwa mkononi. Ukijumlisha uchimbaji, zege na mbao za kuzuia kingo, agizo namba 1 lilifika shilingi 12,256,920. Ni kama asilimia 1.6 ya bei ya mkataba. Bosi alifurahi, na faida ilikuwa ndani yake.

Karatasi ya agizo ilikuwa na sehemu mbili za kujaza: "kiasi kilichoongezeka" na "siku zilizoongezeka". Ya pili ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na sentensi kwamba kwa kusaini, pande zote zinakubali kuwa kiasi na muda vilivyotajwa vimezingatia athari zote za agizo. Mtu akisaini karatasi hiyo na nafasi ya siku ikiwa tupu, amekubali kuwa ni sifuri. Niliandika pale: "Muda na gharama za kuendesha saiti zitawasilishwa tofauti kwa mujibu wa taarifa yetu ya tarehe 14 Februari." Msimamizi hakupinga. Angepinga, tusingesaini, tungefanya kazi kwa agizo lake na kuacha thamani ibaki kwenye mjadala. Mkandarasi halazimiki kukubali bei ndipo aanze kazi, na hana ruhusa ya kugoma kazi kwa sababu bei haijakubaliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kuchimba na kumwaga zege kunapimwa kwa futi kamba, na hiyo ni kazi ya agizo. Lakini kati ya tarehe 12 na 20 Februari hakuna kitu kilichopimika. Siku nane tulikuwa tunasubiri jibu. Agizo halikuzitaja wala lisingeweza kuzitaja, kwa sababu zilipita kabla halijazaliwa. Siku hizo zinaingia kwenye mkataba kwa mlango wa madai peke yake.

Kuanzia 12 Februari mpaka 7 Machi zilikuwa siku 24, na bosi alitaka tudai zote 24. Siku zilizotumika kwenye tatizo na siku ambazo jengo limesogea ni vitu viwili tofauti. Msimamizi anaangalia kama kazi iliyocheleweshwa iko kwenye mnyororo wa kazi ambazo kila moja inasubiri iliyotangulia mpaka siku ya kukabidhi. Besi zipo kwenye mnyororo huo: bila besi hakuna nguzo, bila mkanda wa chini hakuna jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, na bila jamvi kuta hazianzi. Lakini wakati mashariki pamesimama, mafundi walihamia magharibi. Walimwaga besi 14 na kuanza mkanda wa chini upande huo kabla ya wakati wake. Kwa hiyo nilichukua mpango kazi uliokubaliwa Januari, ambao ulionyesha jamvi lote likikamilika tarehe 18 Machi. Nikaingiza tukio ndani yake kama lilivyotokea, nikahamisha kazi za magharibi kama tulivyozihamisha, na jamvi likaangukia tarehe 6 Aprili. Tofauti ni siku 19. Hizo ndizo nilizodai, na hizo ndizo zilizokubaliwa.

Bosi aliona nimemwachia mshitiri siku tano bure. Nilimweleza kuwa zile tano zilirudishwa na kazi yetu wenyewe upande wa magharibi, na kwamba msimamizi ana kitabu cha saiti chenye idadi ya mafundi waliokuwa wakifunga nondo kule. Madai yakikutwa na uongo wa siku tano, zile 19 za haki nazo zinaanza kutiliwa shaka.

Linganisha sasa. Kazi iliongeza shilingi milioni 12.26. Siku 19 ukizizidisha kwa 780,000 zinafika 14,820,000. Kama nafasi ile kwenye karatasi ingebaki tupu, mkandarasi angelipwa milioni 12 kwa kuchimba na kumwaga zege, kisha angekatwa zaidi ya hiyo kwa muda alioutumia kuchimba na kumwaga zege hilo. Hakuna kiasi cha ujanja kwenye bei ya mita ya ujazo ambacho kingeziba pengo hilo.

Nyongeza ya muda inakuokoa na makato tu. Haikulipi mishahara ya mhandisi wa saiti, walinzi, maji na kodi ya mitambo kwa siku 19 za ziada. Hayo ni madai mengine yenye ushahidi wake, na hapo ndipo nimeona watu wakikosea hesabu zaidi. Mchanganuo wetu ulikuwa na shilingi 62,400,000 za gharama za kuendesha saiti. Ukigawa kwa siku 280 unapata karibu 223,000 kwa siku, na ndiyo njia ya mkato inayopendwa. Haifai, kwa sababu ndani ya milioni 62 kuna vitu vinavyolipwa mara moja tu: kujenga kibanda, kuweka bao la mradi, kuleta mitambo na kuiondoa. Jengo likichelewa hulijengi bao jingine. Bima na dhamana ya utekelezaji zinaongezeka endapo utalazimika kuzirefusha, nazo unazidai kwa risiti ya benki na ya bima, si kwa kugawanya.

Jambo la pili ni kwamba gharama hizo zinathaminiwa kwa hali ya saiti wakati ucheleweshaji ulipotokea, siyo mwishoni mwa mradi. Bosi alitaka tutumie gharama za Oktoba, wakati saiti ina jukwaa la mabomba kuzunguka jengo zima na wasimamizi watatu. Tukio letu lilikuwa la Februari na Machi. Wakati huo kulikuwa na mhandisi mmoja, fomeni, walinzi wawili, mtunza stoo, mashine moja ya kuchanganyia zege na boza la maji. Nilikusanya karatasi za mishahara na risiti za miezi hiyo miwili na zikatoka 160,000 kwa siku. Kwa siku 19 ni 3,040,000. Zililipwa bila kukatwa hata shilingi, maana kila namba ilikuwa na karatasi nyuma yake.

Si kila agizo lina siku ndani yake, na ni vizuri kusema hivyo mapema. Mwezi Mei mshitiri alibadili vigae vya sakafu, mita za mraba 420, kutoka vya kawaida vya shilingi 38,000 kwenda vya graniti vya 61,000. Tofauti ni 9,660,000. Bosi aliniuliza kwa nini siku ni sifuri. Vigae vilikuwa havijaagizwa, kuviweka kulikuwa kumepangwa Septemba, na muda wa kuvileta kutoka Dar es Salaam uliingia ndani ya nafasi iliyokuwepo. Kama agizo lingekuja vigae vya kwanza vikiwa vimeshafika stoo, hesabu ingekuwa nyingine, na mzigo uliokwishanunuliwa ungekuwa wa mshitiri.

Mwezi Juni mwenyekiti wa taasisi, mzee anayeheshimika sana mjini, alitembelea saiti akamwambia fomeni aongeze choo cha watu wenye ulemavu na njia mteremko ya kiti cha magurudumu. Wazo lilikuwa zuri na lilitakiwa kuwemo tangu kwenye michoro. Fomeni alimjibu, "Sawa mzee, tumekusikia," akanipigia. Mkataba ulimtambua msimamizi wa mradi tu kama mtoa maagizo. Agizo la mdomo lilitakiwa kuthibitishwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Jioni ile niliandika kwa msimamizi: mwenyekiti ameelekeza hivi, mahali hapa, tunaomba agizo lako na mchoro. Kwenye nafasi ya siku niliandika sifuri, kwa sharti kwamba agizo lifike kabla ya tarehe 30 Juni, wakati mafundi wa kujenga kuta za chini wangali saiti. Sharti la namna hiyo lina faida kwa pande zote mbili, maana mshitiri anajua kuwa kuchelewa kuamua kuna bei. Agizo lilikuja baada ya siku tatu, thamani yake 6,400,000. Kazi ikaenda sambamba na plasta na haikusogeza kitu.

Kulikuwa pia na siku zisizo na fedha. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na mvua zilizofuatana nacho, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Lori lililobeba nondo za slebu ya ghorofa yetu likakwama kwenye foleni upande wa pili. Lilifika siku nane baada ya tarehe yake. Mvua ya kawaida ya Februari au Machi isingetusaidia kitu, kwani kila mkandarasi wa kusini anajua kuwa inanyesha na anaitia kwenye mpango kazi. Iliyohesabika ni hali ya hewa isiyo ya kawaida, na kimbunga kwenye pwani hii si jambo la kila mwaka. Tuliambatanisha takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, hati ya mzigo yenye tarehe ya kutoka kiwandani, na maelezo ya dereva.

Msimamizi aliuliza maswali mawili ya haki. Kwanza, kwa nini hatukupitisha mzigo Makambako, Songea na Masasi? Tulionyesha kuwa njia ile ni zaidi ya mara mbili ya umbali, na lori lilikuwa limeshapakiwa na kuondoka kabla barabara haijakatika. Pili, stoo yetu ilikuwa na nondo kiasi gani? Kitabu cha stoo kilionyesha za kutosha kazi ya siku tatu. Nane ukitoa tatu ni tano, na tano ndizo alizotoa. Fedha hakutoa, na mkataba ulimruhusu: hali ya hewa si kosa la mshitiri wala la mkandarasi, kwa hiyo mmoja anasamehe makato na mwingine anabeba gharama zake za kusubiri. Tulizibeba.

Kwa siku 19 na siku tano, tarehe ya kukabidhi ilihama kutoka 14 Oktoba mpaka 7 Novemba. Tulikabidhi tarehe 18 Novemba. Siku 11 zilizobaki zilitokana na msimu wa korosho. Kuanzia Septemba vibarua na mafundi wengi wanarudi mashambani Tandahimba na Newala kuokota, na minada ikianza Oktoba hata mshahara ukipandishwa hawarudi kwa urahisi. Kazi ya rangi na mabomba ilibaki na watu wachache. Bosi aliniuliza kama tunaweza kudai na hizo. Korosho zinavunwa kila mwaka katika miezi ileile, na mkandarasi aliyetoa bei Mtwara hawezi kusema hakujua. Tulikatwa 8,580,000. Bila zile siku 24 tungekatwa kwa siku 35, yaani 27,300,000.

Hesabu ya mwisho ilifungwa kwa 811,356,920 kabla ya makato hayo na kabla ya ada ya dhamana. Bei iliongezeka kwa kama asilimia 4, tarehe ikasogea siku 24, na suala halikufika kwa mwamuzi. Kilichochukua muda mrefu kwenye kikao cha mwisho kilikuwa ada ya kurefusha dhamana ya utekelezaji, kwa sababu benki ilitoza kwa robo mwaka nzima wakati siku zilizoongezwa zilikuwa 24 tu. Msimamizi alitaka kulipia sehemu ya siku hizo. Tulimwonyesha barua ya benki inayosema muda mfupi kuliko robo haupo, na kwamba hata siku 19 za msingi peke yake zingetulazimisha kulipa robo hiyohiyo. Akaisoma mara mbili, akaiingiza yote.